Filta za ND kwa droni kwenye jua la Nyanda za Juu Kusini: ipi ununue, ipi uache

Nina klipu mbili za shamba lilelile la chai, pembeni ya Tukuyu. Zote nilizipiga asubuhi moja, kwa njia moja na mwendo mmoja, zikipishana dakika ishirini hivi. Ya kwanza niliirusha droni bila filta. Ukiisimamisha kwenye fremu moja, majani ya chai unaweza kuyahesabu. Ukiiachia icheze, mistari ya chai inakatakata, na sekunde kumi hazijaisha macho yameshachoka. Ya pili ilikuwa na filta ya ND64, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga unaoingia. Ukiisimamisha, majani ya karibu yamevutika kidogo, kama mtu kapitisha brashi kabla rangi haijakauka. Ukiicheza, shamba linateleza. Mama aliyenipa kazi ile alizitazama zote mbili kwenye simu yake, kisha akauliza kuhusu ya kwanza: "Kaka, hii mbona inakwama? Au bando limeisha?"

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha filta, tuelewane kuhusu neno "kali". Filta ya ND haiongezi ukali wa fremu moja moja, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Kinachobadilika ni jinsi video nzima inavyosomeka machoni ikiwa kwenye mwendo. Ukali wa majani yenyewe unatoka kwenye lenzi safi, fokasi sahihi na gimbali iliyotulia, yaani kile kishikizo kinachoizuia kamera isitikisike. Filta inaweza hata kuupunguza, ukichagua vibaya.

Tatizo linaanzia kwenye lenzi. Droni ndogo nyingi zinazoruka huku kwetu tundu la lenzi halifungi wala halifunguki. DJI Mini 4 Pro, kwa mfano, iko kwenye f/1.7 muda wote. Tundu hilo ni pana, linafaa jioni, lakini saa nne na nusu asubuhi jua la Tukuyu likiwa limeshapanda linamwaga mwanga mwingi mno. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, umeshaishusha hadi 100 na haishuki tena. Kilichobaki ni shata peke yake, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia kwa kila fremu, nayo kamera ikijiamulia inakimbilia 1/3200 ya sekunde au zaidi. Kwa picha ya mnato ni sawa kabisa. Kwa video hapo ndipo mistari ya chai inapoanza kukatakata.

Sababu inaonekana vizuri ukiihesabu kwa sentimita. Droni ikienda mita 10 kwa sekunde, na wewe unapiga fremu 25 kwa sekunde, kati ya fremu moja na inayofuata droni imesogea sentimita 40. Kwa shata ya 1/3200, kamera inafumbua jicho kwa muda ambao droni inasogea milimita 3 tu. Basi jicho la mtazamaji linaona mche umeganda hapa, halafu umeganda sentimita 40 mbele, na katikati hakuna kitu. Kwa shata ya 1/50, kamera inafumbua jicho kwa sentimita 20, yaani nusu ya safari nzima. Mfifio huo mdogo ndio unaounganisha fremu mbili. Kanuni ya wapiga video inatoka hapo: shata iwe maradufu ya idadi ya fremu. Fremu 25 zinataka 1/50, 30 zinataka 1/60, na ukipiga 50 ili baadaye upunguze mwendo, 1/100.

Lakini swali ambalo watu wengi hawalijiulizi ni unaruka juu kiasi gani. Kamera ikitazama chini kutoka mita 5, upana wote wa picha ni kama mita saba na nusu, na mruko wa sentimita 40 ni karibu sehemu moja ya ishirini ya skrini. Huo utauona hata ukiwa umekaa upande wa pili wa sebule. Panda hadi mita 100, picha inabeba upana wa mita 150, na mruko uleule haufiki hata sehemu moja ya mia tatu ya skrini. Kwa hiyo kama kazi yako ni kuonyesha mji wa Mbeya kutoka juu, Loleza ikiwa nyuma na droni ikijongea polepole, filta itakusaidia kidogo sana. Wapo wanaonunua seti nzima kwa picha za aina hiyo tu. Wanaohitaji filta kweli ni wanaoruka chini: juu ya chai, kandokando ya msafara wa harusi, katikati ya miti ya misonobari ya Mufindi, sambamba na ua au reli.

Sasa tulinganishe njia zenyewe, tukianzia na isiyo na gharama.

Kuruka bila filta kuna faida moja ambayo haitajwi sana: ukitaka kutoa picha ya mnato kutoka ndani ya video, fremu zako zote ni kali. Ukiruka juu na polepole, inatosha. Kasoro yake, mbali na kukatakata, hujitokeza ukielekea jua. Kivuli cha propela kikipita kwenye lenzi, shata ya haraka inakinasa kama michirizi inayopepesa juu ya picha. Shata ikiwa ya polepole, kivuli hicho kinatawanyika na mara nyingi hukioni. Wengine hujaribu kutengeneza mfifio baadaye kwenye kompyuta. Nimejaribu. Kwenye mistari ya chai programu inachanganya mstari mmoja na wa jirani yake, na majani yanatokota kama uji.

Njia ya pili ni kufunga tundu la lenzi, na hii ni kwa wenye droni zinazoruhusu, kama Mavic 2 Pro na Mavic 3, ambazo kamera yake kuu inatoka f/2.8 hadi f/11. Kutoka f/2.8 hadi f/11 umepunguza mwanga mara 16, sawasawa na kufunga ND16, na hujatoa hata shilingi. Inavutia, na mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi nzima ya siku moja hivyo. Nilipofungua klipu nyumbani, miti ya mbali ilikuwa kama imefunikwa nailoni. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika ukingoni, na kwenye kamera yenye pikseli ndogo hivyo kila ukingo unapoteza makali yake. Hakuna kitelezi cha kuongeza ukali kwenye kompyuta kitakachokurudishia. Mwenye droni ya namna hii aishie f/4 au f/5.6, na mwanga uliobaki aukate kwa filta. Hapo ndipo filta inapolinda ukali halisi, kwa sababu inaliacha tundu pale lenzi inapoona vizuri.

Njia ya tatu ni filta za namba moja moja, na nitakaa hapa zaidi kwa kuwa ndizo ninazozitumia. Namba ni hesabu ya kugawanya. ND16 inapitisha sehemu moja kati ya 16 ya mwanga, ND64 sehemu moja kati ya 64. Huna haja ya kukariri jedwali la "jua kali tumia hii, mawingu tumia ile", maana majedwali hayo hayajui lenzi yako ni f/1.7 au f/2.8. Washa droni bila filta, weka ISO 100, ielekeze kule utakakorusha, soma shata ambayo kamera imechagua, kisha gawanya kwa ile unayoitaka. Imeandika 1/3200 na unataka 1/50? 3200 gawanya kwa 50 ni 64. Funga ND64. Kwenye droni ya f/2.8 mahali palepale utasoma kama 1/1200, ambayo ukigawanya kwa 50 ni 24, kwa hiyo ND16 au ND32 zote zitakufaa.

Soma ukiwa umeelekea ardhi utakayoipiga, si popote. Chai ni ya kijani kilichokolea, kamera inajaribu kuing'arisha na kusoma shata ya chini. Ukishuka bonde la Usangu wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka na kuwa nyeupe, utasoma namba ya juu zaidi chini ya jua lilelile. Hilo pamoja na mawingu linabadilisha hesabu kuliko mwezi wa mwaka. Ni kweli katikati ya Oktoba jua linatupita utosini hapa Mbeya, mnamo saa sita na nusu mchana, lakini tofauti yake na mchana wa Juni haifiki nusu ya hatua ya filta.

Wala usihangaike kuipata 1/50 kamili. Kati ya 1/50 na 1/100 watazamaji wengi hawatofautishi. Ndiyo maana seti ya filta tatu inatosha, na seti ya sita ni mzigo wa mfukoni. Kwa lenzi ya f/1.7 ningechukua 16, 32 na 64, na 128 kama unashinda Usangu saa za mchana. Kwa f/2.8 chukua 8, 16 na 32. Seti ya DJI yenyewe ya Mini 4 Pro ina 16, 64 na 256. Ni filta nzuri, ila nafasi kati ya namba na namba ni pana mno kwa hali yetu ya hewa, kama utakavyoona hapa chini.

Njia ya nne ni filta ya kuzungusha, ambayo ndani yake kuna vioo viwili na ukizungusha pete giza linaongezeka au kupungua. Kwa kamera ya mkononi ni kitu kizuri sana, na mwenye kamera ya harusi asiiache. Kwa droni sababu ya kuwepo kwake imekufa, maana droni ikishapaa hakuna wa kuizungusha. Lazima utue, na ukishatua, kubadilisha filta ya kawaida ni kazi ya nusu dakika. Isitoshe ni nzito kuliko filta ya kioo kimoja, na gimbali ya droni ndogo imepimwa kwa gramu. Ikizidiwa utaiona inatetemeka au inalala upande inapowashwa, na programu itakuonya. Na ukiizungusha hadi mwisho wa giza, kwenye lenzi pana inaleta kivuli chenye umbo la X katikati ya anga. Ukiipewa zawadi, pokea. Kununua, hapana.

Mwisho kuna ND/PL, yaani ND iliyounganishwa na polaraiza. Hii haikatai kazi, ila inachagua. Majani ya chai yenye umande au yaliyotoka kulowa mvua yanang'aa weupe kwa juu, na polaraiza inauondoa mng'ao huo hadi ukijani wenyewe unajitokeza. Kwenye maji, kama ziwa la kreta au bwawa la samaki, inakuonyesha chini ya uso wa maji. Lakini watu hapa huinunua kwa ajili ya mabati, na hapo wanakosea. Mwanga unaoruka kutoka kwenye chuma kisichopakwa rangi hauna ile hali ambayo polaraiza inaweza kuichuja, kwa hiyo bati jipya la rangi ya fedha litaendelea kukuchoma macho vilevile. Bati lililopakwa rangi litapungua kidogo. Tatizo jingine ni kwamba unaitegesha chini kwa uelekeo mmoja. Droni ikigeuka robo duara, ule mng'ao unarudi, na anga linakuwa na doa la bluu iliyoiva upande mmoja na iliyopauka upande mwingine. Kwa njia iliyonyooka juu ya chai, nzuri. Kwa kuzunguka nyumba, iache kwenye kasha.

Nirudi kwenye lile shamba, maana siku ile uchaguzi haukuwa rahisi kama hesabu ya 64. Saa nne na nusu jua lilikuwa wazi, 1/3200 kwenye skrini, na ND64 ikanipa 1/50 safi. Ndiyo ile klipu iliyomfurahisha mama. Kufikia saa tano mawingu yakaanza kushuka kutoka Rungwe, na anayeujua mji wa Tukuyu anajua hayapigi hodi. Jua linafunikwa dakika tatu, linafunguka mbili, linafunikwa tena. Chini ya wingu, bila filta, kamera ilisoma 1/800.

Sasa weka filta tatu mezani. Ukibaki na ND64, juani una 1/50, lakini chini ya wingu kamera inataka karibu 1/12. Ukiiachia ijiamulie, itashusha shata, na kwa upepo uliokuwepo kila mtikisiko mdogo unageuka kuwa ukungu. Hiyo ndiyo klipu laini ambayo watu huilaumu lenzi. Ukiikazia 1/50, itabidi ISO ipande hadi 400, na kwenye vivuli vya chini ya miche chenga zinaanza kuonekana. Ukiweka ND16, chini ya wingu una 1/50 nzuri, ila jua likifunguka unaruka hadi 1/200 na mistari inaanza tena kukatakata. ND32 juani inakupa 1/100, ambayo bado inateleza vizuri, na chini ya wingu ukikaza 1/50 ISO inapanda hadi 200 tu. Hakuna upande inaoshinda kabisa, na hakuna upande inaoaibisha. Nilitua, nikaifunga ND32, nikamaliza kazi nayo. Mwenye seti ya 16, 64 na 256 angelazimika kuchagua ugonjwa mmoja kati ya miwili.

Kosa nililofanya siku hiyo ni la haraka haraka: nilibadilisha filta droni ikiwa imewashwa. Gimbali ilikuwa inajishikilia, mimi naikaza pete, yenyewe inanisukuma. Haikuharibika, lakini upeo wa picha ulilala upande hadi nilipoizima na kuiwasha upya. Zima kwanza, shika fremu ya kamera kwa vidole viwili, kisha zungusha. Na usisahau kufuta alama za vidole. Jua likiingia kwa mbele, alama moja ya kidole cha mafuta inatandaza ukungu kwenye picha yote.

Ukishanunua filta, ipime kabla ya kuipeleka kazini, hasa zile za bei ya chini zinazoagizwa bila jina. Tafuta ukuta mweupe ulio juani. Funga mizani ya rangi kwenye 5600K, maana ukiiacha ijirekebishe itakuficha dosari. Weka ISO 100, piga bila filta na andika shata. Funga filta, piga tena. Kama bila filta ilikuwa 1/3200, ND16 inatakiwa ikupe 1/200. Ikikupa 1/120, filta hiyo ni nzito kuliko ilivyoandikwa. Bado inatumika, mradi uikumbuke hivyo na uiandike kwa kalamu kwenye kasha. Halafu linganisha weupe wa ukuta. Ukigeuka kahawia au kuelekea zambarau, kioo kinabagua rangi, na kwa kawaida namba zinavyopanda ndivyo inavyozidi. Hafifu kidogo inarekebishika. Lakini kama ND16 ina rangi moja na ND64 ina nyingine, utakesha kuzioanisha klipu za kazi moja, na mimi hiyo seti ningeirudisha.

Kuna kazi ambazo filta zote, za bei kubwa na ndogo, zinabaki mfukoni. Wiki iliyofuata nilikwenda Njombe kwa mkulima wa parachichi aliyetaka picha za juu ili ahesabu miche iliyoshika na iliyokufa. Hiyo ni kazi ya picha za mnato zinazounganishwa baadaye, droni ikipiga huku inatembea, na pale mfifio wa sentimita 20 ungeumeza mche wa miezi mitatu wote. Niliitoa ND32 iliyokuwa imebaki kwenye lenzi tangu Tukuyu, nikarudisha pete ya asili, shata ikaenda 1/2000, na tulipokuza picha kwenye laptopu yake aliweza kunionyesha kwa kidole mashimo ambayo mchwa walikuwa wameshamaliza kazi.